Upimaji upi wa kulipia? Ramani ya konokono wa kichocho kutoka Mwigobero na jibu kwa wapitiaji

Katika mwalo wa Mwigobero, Musoma mjini, kazi nyingi hufanyika miguu ikiwa majini. Wavuvi huvuta mitumbwi, wachuuzi hupokea dagaa na sangara, abiria hushuka wakitokea Kinesi. Kwenye maji ya kina kifupi kandokando ya Ziwa Victoria ndiko wanakoishi konokono wa jenasi ya Biomphalaria, na ndani ya konokono hao hukua vimelea vya Schistosoma mansoni vinavyoleta kichocho cha tumbo. Ofisi ya afya haiwezi kukagua kila ufukwe wa Mara kwa mkupuo mmoja. Ramani inayoonyesha ni wapi konokono wana uwezekano mkubwa wa kuwapo inaweza kuamua ni mwalo gani ukaguliwe kwanza, na ni upi usubiri.

Ramani za namna hiyo hutengenezwa kwa modeli ya mtawanyiko wa spishi. Mtafiti anachukua vituo ambako konokono walitafutwa, anaviunganisha na taarifa za joto, mvua, uoto na umbo la ufukwe, kisha kompyuta inakadiria hali ya sehemu ambazo hakuna aliyefika. Makala haya ni kwa mwanafunzi wa uzamili aliyekwisha kufanya hayo yote, akapeleka kazi yake kwenye jarida, na sasa ana barua ya wapitiaji mbele yake. Mara nyingi wapitiaji hawagombani na modeli yenyewe. Wanagombana na namna ilivyopimwa, na kila njia ya upimaji wanayoitaka ina gharama: nyingine ya shilingi, nyingine ya muda, nyingine ya kupotosha.

Tuchukue mfano, na namba zake nimezichagua ili hesabu ionekane. Mwanafunzi ana vituo 60 katika fukwe za Musoma, Butiama na Bunda. Konokono walipatikana kwenye vituo 24. Vituo 40 kati ya hivyo 60 viko karibu na Musoma mjini, kwa sababu huko barabara zinafika majini. Amepima modeli kwa kugawa ufukwe katika vitalu vya kilomita 10, akapata AUC ya 0.72. Mpitiaji wa kwanza anasema namba hiyo ni ndogo, wengine hupata 0.9 kwa kugawa data kwa bahati nasibu, kwa nini yeye hakufanya hivyo? Mpitiaji wa pili anasema ugawaji wowote wa data zilezile hautoshi. Anataka data mpya kutoka uwandani.

AUC yenyewe ina maana nyepesi. Chukua kituo kimoja chenye konokono na kingine kisicho nao. AUC ni uwezekano kwamba modeli itakipa kile chenye konokono alama ya juu zaidi. Ikiwa 0.5, modeli inabahatisha tu.

Njia ya bure

Kugawa kwa bahati nasibu hakugharimu chochote. Programu ya R ni ya bure, Maxent ni ya bure na msimbo wake umekuwa wazi tangu 2017, data za hali ya hewa za WorldClim zinapakuliwa bila malipo. Unaficha vituo 12, unaifundisha modeli kwa 48 vilivyobaki, unaipima kwa vile ulivyoficha, unarudia mara tano. Kompyuta ya kawaida inamaliza kabla chai haijapoa.

Gharama yake imejificha kwenye namba inayotoka. Vituo viwili vilivyo kwenye ufukwe mmoja, vyenye mchanga uleule, mafunjo yaleyale na watu walewale wanaofua hapo, hufanana. Ukificha kimoja na kuiachia modeli jirani yake, modeli haihitaji kujua lolote kuhusu maisha ya konokono. Inatosha ikumbuke jirani. Kwa data za mfano wetu, kituo kilichofichwa kinaweza kuwa na mwenzake wa kufundishia umbali wa mita 800 tu, ilhali sehemu nyingi za ramani, hasa fukwe za Bunda kuelekea Kisorya, ziko kilomita 12 au zaidi kutoka kituo chochote. Mtihani unauliza swali la mita 800. Ofisi ya afya itatumia ramani kujibu swali la kilomita 12.

Jambo hili lilionyeshwa wazi kwenye misitu ya Afrika ya Kati. Mwaka 2020, Pierre Ploton na wenzake walichapisha katika jarida la Nature Communications upimaji wa modeli ya uzito wa miti iliyojengwa kwa orodha kubwa ya miti iliyopimwa na kampuni za magogo. Kwa kugawa kwa bahati nasibu, modeli ilionekana kueleza zaidi ya nusu ya tofauti zilizokuwapo uwandani. Walipotenganisha data za kufundishia na za kupimia kwa umbali wa kutosha, uwezo huo ulikaribia sifuri. Data zilikuwa zilezile na modeli ilikuwa ileile. Mwanafunzi anayemjibu mpitiaji wa kwanza anahitaji mfano huu mmoja tu. Orodha ndefu ya makala itamchosha msomaji na haitaongeza uzito.

Kuna njia nyingine ya kupata 0.9 kwa urahisi, nayo wapitiaji wengi hawaiulizi. Modeli ya aina ya Maxent hulinganisha vituo vyenye konokono na nukta za kawaida za mandhari zilizochukuliwa ndani ya eneo la utafiti. Ukiruhusu nukta hizo ziingie nchi kavu, hadi mbuga za Serengeti, modeli itapata alama nzuri kwa kugundua kwamba konokono wa majini hawaishi mbugani. Hilo kila mtu alilijua. Nukta zibaki kwenye ukanda mwembamba wa ufukwe ambako konokono wangeweza kweli kufika. AUC itashuka, na itakuwa inajibu swali ambalo afisa afya anaweza kuuliza.

Njia ya muda

Kugawa kwa vitalu vya eneo nako hakuhitaji shilingi, ila kunahitaji siku kadhaa za kazi ya makini. Ufukwe unakatwa vitalu, na kitalu kizima kinafichwa kwa pamoja, majirani wote na mambo yao. Kwenye R, pakiti ya blockCV inafanya hivyo kwa mistari michache:

```r
library(sf)
library(blockCV)
vituo <- st_as_sf(d, coords = c("lon", "lat"), crs = 4326)
b <- cv_spatial(x = vituo, column = "konokono",
                size = 10000, k = 5)
```

Hapo size ni upana wa kitalu kwa mita, na k ni idadi ya makundi. Muda unaliwa na kuamua ule ukubwa. Usiuchague kwa kuangalia ni upi unaokupa AUC nzuri. Mpitiaji mwenye uzoefu atalihisi hilo. Chukua makosa ya modeli, yaani tofauti kati ya ilichotabiri na kilichoonekana, uangalie yanaendelea kufanana hadi umbali gani. Kama kufanana kunaisha karibu kilomita 6, vitalu vya 8 au 10 vina maelezo, vya 2 havina. Katika barua, eleza umbali huo kwanza, kisha ukubwa wa kitalu.

Njia hii ina udhaifu wa kweli, na ni heri mwanafunzi auseme mwenyewe kabla hajaambiwa. Kwa kuwa vituo 40 viko kuzunguka Musoma mjini, kitalu kimoja au viwili vinaweza kubeba theluthi mbili za data. Vikifichwa pamoja, modeli inafundishwa kwa vituo 20 tu, kisha inalaumiwa kwa kutokujua. Kitalu kingine kinaweza kukosa konokono kabisa, na hapo AUC haihesabiki. Kwa hiyo wastani wa 0.72 peke yake hautoshi; weka jedwali lenye idadi ya vituo, idadi ya vyenye konokono na alama ya kila kundi. Kama kundi moja lina 0.55 na mengine yako juu ya 0.75, msomaji anahitaji kujua ni ufukwe upi ulioishinda modeli. Mara nyingi sababu iko kwenye ikolojia yenyewe. Katika Ziwa Victoria, konokono wanaoitwa Biomphalaria sudanica hukaa pembezoni penye matete na mafunjo, ilhali wale wa Biomphalaria choanomphala huishi ndani zaidi ziwani. Ukiwaweka wote kwenye safu moja ya data, modeli inajifunza makazi mawili kana kwamba ni moja, na upande wa Butiama, ambako Mto Mara unaingia kwenye ghuba ya Mara kupitia mafunjo, inaweza kukosea kabisa.

Tena kuna pingamizi lililochapishwa. Mwaka 2021 Alexandre Wadoux na wenzake walionyesha kwamba vitalu vinaweza kuionea ramani, kwa kuwa vinaipima kwenye umbali mkubwa kuliko ule ambao ramani itatumika. Hoja hiyo ina nguvu pale vituo vinapokuwa vimetapakaa vizuri na ramani ni ya kujaza mapengo kati yao. Kwa Musoma mjini ni kweli: anayetaka kujua hali ya ufukwe ulio kati ya vituo viwili vilivyochunguzwa hapaswi kukatishwa tamaa na alama ya kilomita 10. Kwa Bunda si kweli. Ndiyo maana nashauri barua itoe namba mbili, kila moja na jina la kazi yake: moja ya ukaribu kwa ajili ya mji, nyingine ya vitalu kwa ajili ya maeneo ambayo hayakufikiwa. Mpitiaji wa kwanza atapata namba aliyoitaka, ila haitaruhusiwa kuiwakilisha Mara nzima.

Njia ya fedha

Sasa mpitiaji wa pili. Anataka data mpya, na kimsingi yuko sahihi: hakuna upimaji unaoshinda kwenda mahali ramani inaposema kitu na kukiangalia. Kinachobaki ni kuamua ununue kiasi gani, wapi, na kwa usafiri upi.

Ng'ambo ya Mwigobero, kwenye mdomo wa ghuba ya Mara, kuna Kinesi, wilaya ya Rorya. Kwa maji ni karibu, kwa kivuko au kwa boti za injini. Kwa barabara inabidi uzunguke ghuba nzima hadi daraja la Kirumi. Kwa mwanafunzi huu ni upande wenye faida: ni ufukwe ambao haukuingia kwenye data zake, ziwa ni lilelile, na nauli ya kuvuka kama abiria ni ndogo sana ukilinganisha na kukodi boti ya fiba na injini yake siku nzima, pamoja na petroli, nahodha na posho ya wasaidizi. Bei kikomo ya petroli hutangazwa na EWURA kila mwezi, kwa hiyo bajeti ya boti iandikwe kwa lita kwanza, shilingi baadaye.

Mtu ataona jibu hapo hapo: vuka kwa kivuko, chukua bodaboda upande wa pili, chunguza mialo, urudi jioni. Kwa fedha ni nafuu. Kwa upimaji kuna mtego. Bodaboda inafika penye njia, na penye njia ndipo penye watu, mialo, mitumbwi na sehemu za kufulia. Vituo vya mwanzo vilipatikana hivyohivyo. Ukiipima modeli kwenye mialo ya Kinesi tu, unaiuliza ilichofundishwa, na itafaulu. Haitapimwa kwenye fukwe za mawe na mafunjo zisizo na njia, ambazo ndizo sehemu kubwa ya ramani. Boti ndiyo inayofika huko.

Ningegawa fedha hivi. Ramani ikatwe madaraja matatu ya alama: juu, kati na chini. Ndani ya kila daraja, vituo vichaguliwe kwa bahati nasibu na kompyuta, kabla ya mtu yeyote kuuliza kama panafikika. Vile vinavyofikika kwa njia vifanywe kwa kivuko na bodaboda. Vilivyobaki vikusanywe katika siku chache za boti, vikipangwa kufuatana kando ya ufukwe. Kituo kisibadilishwe kwa sababu njia ni mbaya. Uchaguzi wa namna hii ndio unaojibu pia pingamizi la Wadoux, kwa sababu kila kipande cha ufukwe kilikuwa na nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa.

Vituo vingapi? Hapa ndipo wanafunzi wengi hulipa zaidi au pungufu ya inavyotakiwa. Tuseme AUC ya kweli ni 0.75. Ukipima vituo 20, nusu vikiwa na konokono, kwa kanuni ya Hanley na McNeil namba yako inaweza kuangukia popote kati ya 0.53 na 0.97 hivi. Hiyo haiwezi kutofautisha modeli nzuri na inayobahatisha. Kwa vituo 60, nusu kwa nusu, ukanda unakuwa kati ya 0.63 na 0.87. Umelipa mara tatu, na ukanda umepungua kwa chini kidogo ya nusu. Baada ya hapo kila siku ya boti inanunua kidogo zaidi kuliko ile iliyotangulia. Kwa bajeti ya mwanafunzi, vituo 40 hivi ni mahali pa kusimama, mradi ukanda wenyewe uandikwe na usifichwe nyuma ya namba moja.

Kuna gharama moja ambayo huwa haimo kwenye bajeti kabisa. Konokono hutafutwa kwa kuchota: mtu mwenye chujio la mpini mrefu anachota kando ya maji kwa muda uliopangwa, mathalani dakika 30, kisha wanahesabiwa. Kutowaona hakumaanishi hawapo. Upepo umechafua maji, magugu maji yamefunika, au ni wachache tu msimu huo. Tuseme pale walipo, utafutaji mmoja unawapata mara 6 kati ya 10. Ukienda mara moja, vituo 4 kati ya kila 10 vyenye konokono vitaandikwa sifuri. Modeli iliyovipa alama ya juu, tena kwa haki, itahesabiwa kosa. Ukirudi mara ya pili, wanaokosekana wanashuka hadi asilimia 16. Kwa hiyo safari 40 zinaweza kununua vituo 40 vya mara moja au vituo 20 vya mara mbili, na ukanda wa AUC na uhakika wa sifuri vinavutana. Mimi ningechukua njia ya kati: kila kituo kitembelewe mara moja, na vile vilivyotoka sifuri kwenye daraja la juu na la chini kwa usawa vichaguliwe vya kurudiwa. Kurudia vile tu vilivyoiangusha modeli ni kuipendelea, na mpitiaji atauliza.

Kiwango cha ziwa nacho kiingie kwenye hesabu. Mei 2020 Ziwa Victoria lilivuka kilele cha 1964, maji yakafunika fukwe na mialo mingi. Kama vituo vya mwanzo vilichunguzwa kabla ya hapo, ufukwe ulioupima huenda haupo tena mahali pake. Data mpya zitapima mambo mawili kwa pamoja, mahali papya na wakati mpya, na modeli ikianguka hutajua ni kipi kilichoiangusha. Dawa yake ni kurudia vituo vichache vya zamani, hata vitano karibu na Mwigobero, katika wiki zilezile. Vikibaki kama vilivyokuwa, anguko la Kinesi ni la mahali.

Barua yenyewe

Baada ya kujua umenunua nini, barua inakuwa fupi. Kwa mpitiaji wa kwanza ningeandika hivi:

"Tunamshukuru mpitiaji. Tumeongeza matokeo ya kugawa kwa bahati nasibu kama alivyoomba. Hata hivyo tunaomba yasiwe kipimo kikuu. Kwa ugawaji huo, kituo kilichofichwa kina jirani wa kufundishia karibu mita 800, ilhali sehemu kubwa ya ramani iko zaidi ya kilomita 12 kutoka kituo chochote. Makosa ya modeli yanafanana hadi kilomita 6 hivi, ndiyo maana tulichagua vitalu vya kilomita 10. Jedwali jipya linaonyesha alama ya kila kundi, likiwamo lile ambalo modeli haikufanya vizuri."

Na kwa wa pili:

"Tunakubali kwamba data mpya ndizo kipimo bora. Tumechunguza vituo 40 upande wa Kinesi vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu ndani ya madaraja matatu ya alama, vikiwamo visivyo na njia. Tumetoa AUC pamoja na ukanda wake, na tumeeleza vituo vilivyorudiwa. Hatukuweza kufika fukwe za Bunda kuelekea Kisorya. Sehemu hiyo ya ramani sasa imechorwa kwa mistari ya tahadhari, na maandishi yanasema isitumike kupanga ukaguzi kabla haijapimwa."

Hakuna sentensi ya kujitetea kwa wadhifa wala ya kumwambia mpitiaji kwamba hakuelewa. Kila dai lina umbali, idadi au mahali, na mhariri anaweza kulifuata hadi kwenye jedwali.

Muda wa jarida ni gharama ya mwisho. Wahariri wengi hutoa miezi miwili au mitatu ya kujibu, na mwanafunzi anaweza kupokea barua katikati ya masika, Machi hadi Mei, wakati boti ndogo hazitoki ovyo. Mwandikie mhariri wiki ya kwanza, eleza kwamba data mpya zinahitaji msimu wa maji tulivu, na uombe nyongeza yenye tarehe. Kibali cha utafiti cha COSTECH kiangaliwe siku hiyohiyo, kwa kuwa Kinesi iko Rorya na kibali cha mwanzo kinaweza kuwa kilitaja wilaya tatu tu. Barua ya utambulisho kwa serikali za vijiji na kwa BMU za mialo ya ng'ambo itangulie timu. Siku ya boti iliyokodiwa ikipita mkisubiri ruhusa ufukweni, hiyo ni siku ya bajeti iliyokwisha kulipwa, na vituo sita hivi ambavyo havitaonekana kwenye jedwali.